Kimo cha Rundo Hakipimwi Ubavuni

Mahindi makavu yakimwagwa mahali pamoja sakafuni hujipanga yenyewe kwa umbo la pia: chini duara, juu ncha. Mwenye mali hutaka kujua yatatoka magunia mangapi, na hapo wengi hupotea, kwa kuwa rundo lina vipimo viwili vya kwenda juu. Kuna kimo, kinachoshuka wima kutoka kileleni hadi sakafuni, na kuna mshazari, unaoteremka ubavuni. Futikamba hulala vizuri ubavuni, basi mtu huandika mshazari akidhani ni kimo.

Tuchukue rundo moja. Zungusha kamba kwenye kitako chake. Ukipata mita 15.08, gawanya kwa 6.28, yaani pai mara mbili. Nusu kipenyo ni mita 2.4. Kisha chomeka fimbo iliyonyooka kileleni, wima, mpaka iguse sakafu. Tuseme imezama mita 1. Kimo na nusu kipenyo hukutana kwa pembe mraba katikati ya rundo, na mshazari ndio upande mrefu wa pembetatu hiyo. Kwa kanuni ya Pithagoras, 2.4² + 1² = 6.76, na kipeuo chake cha pili ni 2.6. Sasa laza futikamba ubavuni: isiposoma karibu mita 2.6, ama umekosea kupima, ama rundo limetuna na si pia kamili.

Ujazo hutaka kimo: eneo la duara la chini mara kimo, gawanya kwa 3. Arkimedi aliandika kwamba Demokrito ndiye aliyeitaja kwanza theluthi hiyo, na Eudokso akaithibitisha. Ukitaka kuiona, kunja karatasi iwe pia yenye mdomo na kimo sawa na vya kopo; mchele wa pia 3 utalijaza kopo. Rundo letu lina mita za ujazo 6.03. Kwa kilo kama 720 kila mita ya ujazo, ni magunia 43 ya kilo 100. Aliyeweka 2.6 mahali pa 1 atahesabu magunia 113, na huenda ameshachukua malipo ya awali.

Mshazari una kazi yake kwenye kufunika. Pasua ile pia ya karatasi toka mdomoni hadi nchani, uitandaze: ni kipande cha duara ambacho nusu kipenyo chake ni mshazari. Eneo lake ni pai mara nusu kipenyo cha kitako mara mshazari, na kwa rundo letu ni mita za mraba 19.6. Ila usikimbilie turubai la mita 4 kwa 5 kwa kuwa lina mita za mraba 20. Kutoka ukingo mmoja, kupitia kileleni, hadi ukingo wa pili ni mita 5.2, na upande wa mita 4 utaacha mahindi wazi huku na huku. Chukua la 6 kwa 6, ubaki na pindo la kukandamizia mawe.