Uko Moto Kama Jiko na Bado Unaskia Baridi: Joto la Mwili Hupanda Ju ya Nini, na Ni Saa Gani Ukimbie Kliniki

Wacha nianze na beshte yangu, ju story yake iko na kila kitu. Aprili alienda ocha, Busia, kuzika mjomba wake. Alifika Alhamisi, akarudi Jumapili. Matanga mnajua venye huwa: unakesha nje kwa tenti, ukichoka unalala kwa kiti ya plastiki, na stori ya neti hakuna mtu anaikumbuka. Akarudi Umoja akiwa fiti kabisa.

Siku kumi baadaye, Jumatano saa saba mchana, jua inachoma mabati, nampata msee amevaa hudi na amejifunika blanketi mbili. Anatetemeka hadi meno inagongana. Nikamgusa kwa paji la uso, moto. Lakini yeye analia baridi.

Hapo ndio wengi huchanganyikiwa. Kama uko moto, baridi inatoka wapi?

Ndani ya ubongo kuna kasehemu kadogo kanaitwa haipothalamasi. Kachukulie kama ile kidude ya kuzungusha kwa pasi, ya kuchagua moto ya nailoni ama ya pamba. Siku za kawaida iko kwa digrii 37 hivi. Mdudu wa ugonjwa akiingia, chembe nyeupe za damu, hizo ndizo askari wetu, zinamwaga kemikali za kupiga kamsa. Kamsa ikifika kwa ubongo, inatengenezwa kitu inaitwa prostaglandini, na hiyo ndio huzungusha kidude kutoka 37 hadi, tuseme, 39.

Sasa piga hesabu. Ubongo unataka 39, na damu yako bado iko 37. Kwa ubongo, wewe uko chini na digrii mbili, yaani umeganda. Kwa hivyo unafanya venye hufanya ukiwa Limuru Julai asubuhi: unafunga mishipa midogo ya ngozi ndio joto isitoroke, mikono inakuwa baridi, misuli inaanza kutetemeka ndio itengeneze moto, na wewe unatafuta blanketi. Ukifika 39, kutetemeka kunaisha. Kidude ikirudishwa 37, sasa uko na joto ya ziada, na jasho inakumwagika hadi shuka inalowa.

So mdudu hajakuwasha. Mwili umejiwasha wenyewe, na iko na sababu. Wadudu wengi wa magonjwa wamezoea 37, kukiwa moto zaidi wanazaana pole pole, na wale askari wa damu wanachapa kazi haraka. Miaka ya 1970 mwanasayansi wa Marekani, Matthew Kluger, alijaribu hii kitu na mijusi wa jangwani. Mjusi hana moto yake mwenyewe, lakini akiwa mgonjwa huenda kujianika pahali pa moto zaidi. Wale waliowekwa kwa joto ya chini walikufa wengi kushinda wale waliokaa kwa moto. Na hii ni noma zaidi: 1917 daktari wa Austria, Julius Wagner-Jauregg, alianza kuambukiza watu malaria makusudi, ndio homa ipigane na kaswende iliyofika kwa ubongo. Wengine walikufa, wengine wakapata nafuu, na 1927 akapewa Nobeli. Siku hizi kuna penisilini, tafadhali msijaribu.

Moto hii si ya bure lakini. Kila digrii ikipanda, mwili unachoma nguvu zaidi kwa karibu asilimia kumi, na maji inakauka. Ndio maana ukiwa na homa hata kwenda choo ni safari.

Turudi Umoja. Beshte yangu alimeza parasetamoli mbili. Baada ya saa moja hivi akatoa jasho, akaitisha chapo madondo, akaniambia amepona. Alhamisi akaenda job.

Hapo ndio alijidanganya, na sidhani ako pekee yake. Parasetamoli inazuia ile prostaglandini. Kidude inarudi chini, unaskia poa, lakini mdudu hajaguswa. Ni kama kuzima kengele na mwizi bado ako ndani ya keja. Si ati ni dawa mbaya. Mtu mzima anaweza meza mbili za miligramu 500, akae angalau saa nne kabla ya zingine, na asipitishe nane kwa saa 24. Na usome pakiti ya dawa ya mafua, ju nyingi ziko na parasetamoli ndani tayari, na ukijumlisha bila kujua unaharibu ini. Shida ni kutumia jasho kama ushahidi wa kupona.

Na malaria inapenda huo mchezo. Kimelea chake kinaishi ndani ya chembe nyekundu za damu, kinazaana, na baada ya siku mbili hivi chembe zinapasuka, vingi vinamwagika, homa inapanda tena. Katikati unaweza kuwa poa kabisa. Ijumaa usiku themomita ilisoma 39.6 na msee anatapika. Pale mwanzo duka la dawa lilikuwa limemuuzia kapsuli za mafua bila kumuuliza swali moja tu: umesafiri?

Hilo swali ndilo lilikuwa la kuulizwa. Busia ni kanda ya ziwa, malaria imejaa. Nairobi haina sana. Ukiumwa na mbu mwenye malaria, homa huanza mara nyingi baada ya wiki moja hadi mbili, saa zingine mwezi ama zaidi. Shosho yake alikaa kwa hizo hizo mbu na hakuugua, ju ameumwa miaka yote na mwili wake umezoea kiasi. Wewe wa mtaa, hata kama ulizaliwa ocha, hiyo kinga huisha ukikaa mbali.

Kwa hivyo kama umetoka kanda ya ziwa ama Pwani miezi michache iliyopita na mwili umewaka, usingoje. Nenda siku hiyo hiyo upimwe. Ni tone la damu ya kidole, na majibu ni kama dakika 20. Ikikosa kuonyesha na homa iendelee, rudi upimwe tena. Usinunue AL kwa kubahatisha pia, ju inaweza kuwa nimonia ama taifodi na unapoteza siku.

Kama hujasafiri, una mafua tu na koo inawasha, kunywa maji, lala, lakini homa ikipita siku tatu nenda. Kuna zingine hazingoji hata moja: shingo imekakamaa, mtu anaongea vitu haziko, degedege, kupumua kwa shida, kutapika kila kitu, macho ya njano, mkojo kama soda nyeusi. Mtoto chini ya miezi mitatu akifika 38, bebeni aende, hata kama ni usiku. Mwenye mimba pia, na mwenye selimundu.

Jumamosi asubuhi tulimpeleka kwa boda, nikimshikilia kwa nyuma. Kipimo kikaonyesha mistari miwili. Alipewa AL, tembe nne mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24, ya pili baada ya saa nane, na ameze na chakula yenye mafuta kidogo ndio dawa iingie vizuri kwa damu. Jumapili jioni alikuwa ameketi, anaitisha chipo. Nikamwambia bado tembe nane, na nikazihesabu mbele yake.