Sikio Zima, Wimbo Haufiki

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha habari za mwanamke waliyempa jina la Monica. Alikuwa muuguzi kwa taaluma, mwenye umri wa miaka arobaini na ushei, msomi, na masikio yake yalipopimwa hayakuonekana na kasoro yoyote. Kilichomshinda ni muziki. Utotoni aliingizwa kwenye kwaya ya kanisa na bendi ya shule, akakubali shingo upande, lakini kuimba hakukumkaa wala kucheza kwa kufuata mapigo. Muziki wenyewe aliusikia kama kelele tu, tena kelele za kuchosha, hata akawa anaukwepa.

Hali hiyo wataalamu wanaiita amuzia ya kuzaliwa. Si uziwi, si upungufu wa akili, wala si matokeo ya kukulia katika nyumba isiyo na redio. Mtu huzaliwa nayo na kuishi nayo, mara nyingi bila kujua ina jina. Mwandishi Grant Allen aliandika juu yake mwaka 1878, akimweleza kijana msomi wa miaka 30 ambaye hakuweza kutofautisha noti mbili zinazofuatana kwenye piano. Baada ya hapo jambo hilo lilibaki zaidi kuwa hadithi za watu wasiojua kuimba, mpaka Isabelle Peretz na wenzake wa Montreal walipoamua kulipima hatua kwa hatua.

Kipimo chao kimoja ni rahisi kukieleza. Msikilizaji anasikilizishwa noti tano fupi, zote zinafanana: pi, pi, pi, pi, pi. Safari nyingine noti ya nne inapandishwa au kushushwa kidogo, na kazi yake ni kusema tu kama kuna iliyobadilika. Hapa hakuna wimbo wa kukumbuka, hakuna elimu ya muziki inayohitajika, wala hatakiwi kuimba. Ni kusikia na kujibu.

Ili kuona ugumu uko wapi, chukua noti ambayo wanamuziki wengi huitumia kulinganisha ala zao, ile yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Kitufe cha piano kinachofuata, cheusi au cheupe, huwa nusu toni juu yake, na mitetemo yake ni kama 466. Tofauti hiyo haifiki hata asilimia sita na nusu, lakini ndiyo hatua ndogo kabisa ambayo sehemu kubwa ya muziki wa piano, gitaa na kwaya umejengwa juu yake. Mtu wa kawaida, hata yule asiyewahi kushika ala, husikia badiliko la robo ya hatua hiyo. Monica hakuweza kutambua hata hatua nzima ya nusu toni. Watu wengine wenye hali kama yake walipofanyiwa kipimo hicho walishindwa vivyo hivyo, na kurudiarudia zoezi hakukuwasaidia.

Kisha watafiti wakabadilisha jambo moja tu. Badala ya kupandisha noti ya nne, waliiwahisha au kuichelewesha kidogo. Walewale walioshindwa sasa walipata alama sawa na wenzao, na walivyoendelea na zoezi ndivyo walivyozidi kupata. Kwa hiyo tatizo halikuwa kukosa umakini au kutoelewa kazi. Kilichokosekana ni uwezo wa kushika tofauti ndogo za kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Mtu wa namna hii ni kama fundi mwenye rula iliyofutika milimita ikabaki na sentimita tu: meza atapima, msumari hatapima.

Hapo ndipo swali la usemi linapoingia. Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kusema "Juma ameondoka" kama habari au kama swali, maneno yaleyale, na kinachotenganisha viwili hivyo ni kiimbo peke yake. Kama Monica hasikii kupanda kwa sauti, atajuaje kwamba ameulizwa? Watafiti walimjaribu kwa sentensi za Kifaransa za aina hiyohiyo, akazitofautisha vizuri. Maelezo ya kwanza ni ya hesabu tu: mtu anayeuliza swali kwa kawaida huipandisha sauti kwa nusu toni kadhaa, wakati nyimbo nyingi hutembea kwa hatua ya nusu toni moja au mbili. Mazungumzo yanatumia sentimita. Muziki unadai milimita.

Lakini maelezo hayo hayamalizi shughuli. Mwaka 2005 Aniruddh Patel na wenzake walichukua viimbo vya sentensi, wakavua maneno yote na kubakiza milio inayopanda na kushuka vilevile. Wenye amuzia ambao walikuwa wakitofautisha sentensi zenyewe sasa walibabaika. Mwendo wa sauti ulikuwa uleule, ila ulipokosa maneno ya kujishikiza haukushikika. Inaonekana lugha humpa msikilizaji vishikizo vingi kwa wakati mmoja: silabi, maana, mkazo, uso wa msemaji. Wimbo usio na maneno haumpi msaada huo. Ndiyo maana wengi wa watu hawa hutambua wimbo maarufu mara tu wakisikia mashairi yake, lakini mahadhi yaleyale yakipigwa bila maneno ni kama hawajawahi kuyasikia.

Wanaoamini kwamba ubongo una sehemu maalumu kwa ajili ya muziki huongeza ushahidi wa upande wa pili. Mtunzi Mrusi Vissarion Shebalin alipata kiharusi mwaka 1953 na tena 1959. Usemi wake uliharibika vibaya, akawa anahangaika kuelewa na kujibu maneno ya kawaida. Hata hivyo aliendelea kutunga, na simfoni yake ya tano aliikamilisha mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Mwanasaikolojia wa neva Aleksandr Luria na wenzake walieleza hali yake mwaka 1965. Shebalin alipoteza lugha akabaki na muziki. Monica ana lugha na hana muziki. Ikiwa kila kimoja chaweza kuharibika huku kingine kikisalia, ni vigumu kudai kwamba vyote viwili vinaendeshwa na mashine moja.

Hoja hiyo ina nguvu, ila inavutwa kupita kiasi pale mtu anapoifanya ithibitishe kuwa ndani ya fuvu kuna chumba kilichoandikwa "muziki" mlangoni. Monica hakupoteza muziki wote kwa mpigo mmoja. Alikosa kidatu, na muziki ukaanguka kwa sababu umesimama juu ya kidatu. Kwa upande mwingine, mwaka 2011 Montreal hiyohiyo ilieleza habari za kijana aliyeitwa Mathieu, ambaye noti alizisikia vizuri lakini alishindwa kuruka kwa kufuata mapigo ya merengue. Mlio wa metronomu peke yake aliufuata bila shida. Yaani hata ndani ya muziki wenyewe, kidatu na mapigo vyaweza kuachana.

Jambo la kushangaza zaidi lilijitokeza pale watafiti walipoacha kuwauliza watu wakauliza ubongo wenyewe. Mwaka 2009 kundi la Peretz liliwavisha wenye amuzia kofia yenye elektrodi na kuwasikilizisha nyimbo fupi, baadhi zikiwa na noti iliyotoka nje ya toni kwa robo toni. Kabla sekunde haijafika hata nusu, ubongo wao ulionyesha umegundua kasoro, kama ubongo wa mtu yeyote. Kilichokosekana ni wimbi la umeme linalofuata baadaye kidogo, lile ambalo kwa kawaida huandamana na mtu kutambua kwamba kuna kitu hakikukaa sawa. Walipoulizwa, wahusika walisema hawakusikia kosa. Sauti ilikuwa imefika, lakini taarifa yake haikumfikia mwenye ubongo.

Hivyo wengi sasa wanatafuta hitilafu njiani, siyo mlangoni. Picha za MRI zimeonyesha tofauti upande wa kulia, katika sehemu ya chini ya ubongo wa mbele na katika gamba linalopokea sauti, kana kwamba mawasiliano kati ya pande hizo mbili ni hafifu. Mwaka huohuo wa 2009 Psyche Loui na wenzake waliripoti kuwa fungu la nyuzi za neva linaloziunganisha lilikuwa dogo kwa wenye amuzia. Watafiti wengine waliorudia kulitafuta hawakulipata hivyo, na mbinu inayotumiwa kuchora nyuzi inaweza kubadilisha jibu. Kwa hiyo kauli ya "njia imekatika" inafaa kusemwa kwa tahadhari.

Hata ukuta kati ya muziki na lugha una nyufa. Mwaka 2010 Peretz na Yun Nan, pamoja na wenzao wa China, walichunguza wasemaji wa Kimandarini, lugha ambayo silabi moja hubadilika maana kwa kupandishwa au kushushwa toni. Waliwapata wenye amuzia huko pia, na baadhi yao walishindwa kutambua toni za lugha yao ya mama, ingawa wakizisema wenyewe walizitamka sawasawa. Kidatu, basi, hutumiwa na pande zote mbili. Ila muziki hukidai kwa ukali zaidi, ndiyo maana ndio unaoumia kwanza.

Ni watu wangapi walio hivi? Makadirio ya zamani yalisema asilimia 4. Mwaka 2017, baada ya kuwapima watu wapatao 20,000 kwa mtandao, Peretz na Dominique Vuvan waliishusha hadi kama asilimia 1.5, na waliona hali hiyo ikijirudia sana katika familia. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ya wanaojiita wasiojua muziki. Wengi wanaokosea toni wakiimba husikia vizuri kabisa kwamba wamekosea, na huona haya. Tatizo lao liko kwenye koo na mazoezi. Mwenye amuzia anaweza kuimba kombo mbele ya watu bila kujua.

Kusikiliza zaidi hakujaonekana kuwa dawa. Katika jaribio la mwaka 2012 watoto wenye hali hiyo, wa umri wa kati ya miaka 10 na 13, walisikiliza nyimbo nusu saa kila siku kwa wiki nne. Walipopimwa tena, uwezo wao wa kutambua badiliko dogo la kidatu ulikuwa palepale.