Tano mara kumi na mbili, sitini?

Andiko la mradi lilikuwa safi, limepigwa chapa na kubanwa vizuri. Mama mmoja wa Dodoma anayetengeneza unga wa lishe aliomba mkopo wa kununua mashine ya kufungashia, nami nilikuwa kwenye kamati ya mikopo ya chama chetu cha akiba. Makadirio ya mauzo yalisema hivi: Januari atauza kilo 1,000 kwa shilingi 4,000, yaani shilingi milioni 4, na mauzo yatakua kwa asilimia 5 kila mwezi. Chini kabisa palikuwa na jumla ya mwaka: shilingi 76,800,000.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Ukiona ukuaji wa kila mwezi umeandikwa juu na jumla ya mwaka chini, usikubali jumla hiyo kabla hujaijenga mwenyewe, mwezi kwa mwezi.

Kuijenga si kazi kubwa. Hata kikokotoo cha simu kinatosha. Unachukua milioni 4 za Januari, unazidisha kwa 1.05, unapata 4,200,000 za Februari. Machi hairudi tena Januari: unachukua zile za Februari na kuzizidisha kwa 1.05, unapata 4,410,000. Zile 10,000 za ziada ndizo kiini cha habari yote. Ni asilimia 5 ya nyongeza ya mwezi uliopita, kama riba inayozaa riba. Mwanzoni ni kidogo, lakini inapofika Desemba mauzo yanakuwa 6,841,357. Ukijumlisha miezi yote 12 unapata 63,668,506.

Andiko lilisema milioni 76.8. Tofauti ni zaidi ya milioni 13.

“Mama,” nilimuuliza, “hii jumla umeipataje?”

“Si asilimia tano kwa mwezi, baba? Tano mara kumi na mbili, sitini. Milioni nne mara miezi kumi na mbili ni arobaini na nane. Nikaongeza asilimia sitini.”

Hesabu yake ya kuzidisha haina kosa. Kosa liko kwenye maana. Ameipa kila mwezi, hata Januari, nyongeza ambayo ingepaswa kuwa imekusanyika kufikia mwisho wa mwaka. Na hapo nilikumbuka jambo ambalo wakaguzi wa zamani hulijua: jumla isiyo sahihi mara nyingi hukuonyesha yenyewe ilikopotelea. Kwa mama huyu, kama ningekuta 61,200,000, ningejua kwamba ameongeza shilingi 200,000 zilezile kila mwezi, bila nyongeza kuzaa nyongeza. Kama ningekuta 66,851,931, ningejua amehesabu hatua moja zaidi, akaikuza hata Januari, ilhali kutoka Januari hadi Desemba kuna hatua 11 tu. Jumla hiyo ingezidi ile sahihi kwa asilimia 5 kamili, na usahihi huo wa tofauti ndio unaomuumbua mwandishi. Tofauti ya shilingi chache isikusumbue. Hiyo huletwa na kukata desimali.

Kwa anayetumia jedwali la kompyuta kuna mtego mwingine. Tuseme asilimia imewekwa kwenye kisanduku B1, Januari iko B3 na Februari iko C3. Februari iandikwe hivi, kisha inakiliwe kuelekea kulia hadi Desemba:

```
=B3*(1+$B$1)
```

Zile alama za dola ndizo zinazoishikilia B1 isihame. Ukizisahau, Februari itatoka sawa, lakini Machi itaitafuta asilimia kwenye C1 ambako hakuna kitu, na mauzo yatabaki 4,200,000 hadi mwisho wa mwaka. Kompyuta haitalalamika. Kuhakiki jumla bila kupita mwezi kwa mwezi, andika hii pembeni:

```
=B3*((1+B1)^12-1)/B1
```

Ikitofautiana na jumla ya jedwali, kuna kisanduku kilichoharibika. Mara nyingi ni kile cha jumla chenyewe: mtu alichapa namba kwa mkono, kisha akabadilisha asilimia baadaye, na ile namba ikabaki palepale.

Turudi kwa mama. Mjumbe mmoja alisema tofauti hii si hoja, maana ni makadirio tu na hakuna ajuaye kesho. Sikukubaliana naye, na sababu ni marejesho. Kwa jumla yake, wastani wa mauzo ulikuwa milioni 6.4 kwa mwezi. Faida yake ni kama asilimia 20 ya mauzo, hivyo alitarajia 1,280,000 kila mwezi, na rejesho la milioni 1 lilionekana jepesi. Lakini kwa asilimia 5 ileile aliyoiandika yeye, mauzo hayafiki milioni 6.4 hadi Novemba. Januari faida ni 800,000, pungufu ya rejesho kwa 200,000. Upungufu huo unaendelea kusinyaa hadi Mei, na ukijumlishwa ni karibu shilingi 580,000. Juni ndipo rejesho linapolipika. Kwa hiyo angeanza kudaiwa mwezi wa kwanza kabisa, ingawa biashara yake inakwenda kama alivyopanga.

Miaka iliyofuata kwenye andiko ilikuwa na kituko chake. Kila mwaka aliukuza kwa asilimia 60. Lakini asilimia 5 kwa mwezi, ikizaa juu ya nyingine kwa miezi 12, ni asilimia 79.6 kwa mwaka. Basi mwaka wa kwanza namba zake zilizidi kwa milioni 13, wa pili zikazidi kwa milioni 8.5, na wa tatu zikapungua kwa milioni 8.7. Makosa mawili yalikuwa yanavutana, na mtu aliyetazama mwaka wa pili peke yake angeweza kusema hazijaenda mbali sana. Kama alichokusudia hasa ni asilimia 60 kwa mwaka, basi ukuaji wa mwezi ungekuwa kama asilimia 4, si 5.

Nilimweleza hayo, akanitazama kwa muda. “Kwa hiyo niandike sabini na tisa?”

Hapo sasa ndipo hesabu sahihi inapouliza swali gumu kuliko lile la kwanza. Tuliendeleza asilimia 5 hadi Desemba ya mwaka wa tano, kwa bei ileile. Tukapata kilo 17,790 kwa mwezi huo mmoja. Kwa siku 26 za kazi, ni kilo 684 kila siku. Nikamuuliza kikaango chake cha soya na mahindi kinabeba kiasi gani.

“Kilo ishirini na tano. Dakika arobaini, kwa uchache.”

Alihesabu mwenyewe kwa vidole na kikokotoo: mikupuo zaidi ya 27, zaidi ya saa 18 kwa siku, kabla ya kusaga wala kufungasha. Akacheka kwa sauti, akaniomba kalamu. Alifuta mwaka wa tatu, wa nne na wa tano, akashusha ukuaji hadi asilimia 4, kisha akauliza kama rejesho la kwanza laweza kusogezwa. Kwa asilimia 4, alipojaza upya jedwali, mauzo ya milioni 5 yaliangukia Julai.