Betri ya Volti 12 Inapotoa Volti 21

Mtu akifunga swichi ya sakiti yenye betri ya volti 12, hutarajia kwamba kapasita iliyomo itajaa hadi volti 12, basi. Ndiyo maana wengi hununua kapasita iliyoandikwa volti 16 wakiona wamejiachia nafasi ya kutosha. Lakini kama kwenye njia hiyo ya umeme kuna koili na ukinzani ni mdogo, kapasita hiyohiyo inaweza kufika karibu volti 21 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Betri haijabadilika. Kilichotokea kimo ndani ya mlinganyo, na njia rahisi ya kukiona ni ile inayofundishwa mwaka wa pili wa uhandisi kwa jina la mgeuzo wa Laplace.

Tuchukue sakiti yenyewe: koili ya milihenri 10, kapasita ya mikrofaradi 100 na rezista ya omu 12, zote kwa mfululizo. Kapasita haina chaji, na mkondo ni sifuri. Swichi inafungwa. Kuanzia hapo volti 12 za betri zinagawanywa kati ya vifaa vitatu: koili inachukua kulingana na kasi ya kubadilika kwa mkondo, rezista kulingana na mkondo wenyewe, na kapasita kulingana na chaji yote iliyokwisha kupita. Kwa namba:

```
0.01 di/dt + 12 i + 10000 ∫ i dt = 12
```

Ugumu uko hapa: mkondo mmoja, `i`, umejitokeza kwa sura tatu, na huwezi kuukusanya upande mmoja kama unavyofanya na `x` ya darasa la aljebra. Mgeuzo wa Laplace unaondoa kizuizi hicho. Unachukua kitu kinachobadilika na wakati, `f(t)`, unakizidisha kwa `e^(-st)`, kisha unajumlisha yote kuanzia sekunde sifuri hadi milele. Linalobaki halina `t` tena, lina `s`. Na jambo la kufurahisha ni kwamba kasi ya kubadilika, ambayo ilikuwa shughuli nzima ya kalikulasi, sasa inakuwa kuzidisha kwa `s` na kutoa thamani ya mwanzo: `sF(s) - f(0)`. Integrali nayo inakuwa kugawanya kwa `s`. Volti 12 zinazowaka ghafla zinageuka `12/s`.

Njia hii ina jina la Pierre-Simon Laplace, Mfaransa aliyefariki mwaka 1827, lakini kwa maoni yangu wahandisi wana deni kubwa zaidi kwa Oliver Heaviside, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi ya telegrafu na kujisomea hisabati mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa akitatua sakiti kwa kuichukulia kasi ya kubadilika kama namba ya kawaida. Majibu yalikuwa sahihi. Wanahisabati wakalalamika kwamba hakuthibitisha kitu. Uthibitisho ulikuja baadaye, kupitia integrali ya Laplace.

Turudi kwenye sakiti. Mlinganyo wetu sasa unasomeka hivi:

```
0.01 s I + 12 I + 10000 I/s = 12/s
```

Sasa `I` inakusanyika. Zidisha pande zote kwa `100s`, ugawanye, upate:

```
I = 1200 / (s² + 1200s + 1000000)
```

Usikimbilie jedwali kwanza. Tazama asili ya sehemu hiyo, yaani namba za chini ya mstari, kwa sababu tabia yote ya sakiti imeandikwa pale. Ukikamilisha mraba utaona kwamba ni `(s+600)² + 800²`. Ile 600 ni kasi ya kufifia, na 800 ni kasi ya kuyumba. Kama mraba ungekamilika bila kubakiza namba chanya, kusingekuwa na kuyumba kokote. Jedwali linasema `b/((s+a)²+b²)` hurudi kuwa `e^(-at) sin bt`, na kwa kuwa 1200 ni mara moja na nusu ya 800, mkondo ni:

```
i(t) = 1.5 e^(-600t) sin 800t
```

Kagua kabla ya kuamini. Kwenye `t = 0` mkondo ni sifuri, kama tulivyosema. Kasi yake ya kupanda pale mwanzo ni 1.5 mara 800, yaani ampea 1200 kwa sekunde. Na koili ya henri 0.01 iliyobeba volti zote 12 inadai hiyohiyo 1200. Ukaguzi huu wa mistari miwili hukamata makosa mengi ya mitihani.

Volteji ya kapasita inapatikana kwa kuzidisha `I` kwa `10000/s`, kisha kuitenga sehemu moja kuwa mbili:

```
V = 12/s - 12(s+1200) / ((s+600)² + 800²)
```

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Juu kuna `s+1200`, chini kuna `s+600`, na jedwali halikubali mchanganyiko huo. Lazima uandike `s+1200` kama `(s+600) + 600`, na ile 600 ya pili uione kama 0.75 ya 800. Ndipo unapata:

```
v(t) = 12 - 12 e^(-600t) (cos 800t + 0.75 sin 800t)
```

Kilele kinafika `800t` inapokuwa `π`, baada ya milisekunde 3.9 hivi. Hapo volteji ni takriban 13.1. Koili ni kama mkokoteni uliojaa mizigo: ukishashika mwendo, haukubali kusimama palepale. Kapasita imefika volti 12 lakini mkondo bado unakwenda, na chaji inazidi kuingia. Punguza ukinzani hadi omu 2, kufifia kushuke kutoka 600 hadi 100, na kilele kinapanda hadi karibu volti 20.8. Kapasita ya volti 16 haina salama. Ukitumia omu 20, mraba unakamilika kabisa na kilele kinatoweka.

Sehemu ya `f(0)` nayo si pambo. Kama kapasita ilikuwa na volti 5 kabla ya swichi kufungwa, upande wa kulia hauwi `12/s` bali `7/s`, na mkondo wote unapungua kwa uwiano huo. Anayeisahau atapata jibu zuri la sakiti nyingine.

Mtego wa mwisho ni kanuni ya thamani ya mwisho, inayosema kwamba `sV` kwenye `s = 0` ni mahali volteji inapotulia. Ondoa ukinzani wote, uitumie: inakupa volti 12. Ukweli ni kwamba sakiti hiyo haitulii kamwe. Inapanda na kushuka kati ya 0 na 24. Kanuni hiyo inataka kila mzizi wa asili ya `sV` uwe na sehemu halisi iliyo hasi, na hapa kufifia ni sifuri. Vilevile, hesabu yote hii inadai kwamba 0.01, 12 na 10000 hazibadiliki. Koili yenye kiini cha chuma ikipitishiwa mkondo mkubwa hushiba usumaku, henri zake zikashuka, na hapo `0.01 s I` haielezi tena kilichomo ndani ya sakiti. Itabidi kukokotoa hatua kwa hatua kwa kompyuta.