Swichi ya MUX na Njia ya Fremu Kwenye Laptopu za Gemu

Laptopu nyingi za gemu zina chipu mbili za picha. Moja ni ndogo, imo ndani ya prosesa yenyewe, hutumia umeme kidogo na hutosha kabisa kwa kuandika, kutazama video au kuperuzi mtandao. Nyingine ni kubwa, ina memori yake na mfumo wake wa kupozwa, na ndiyo inayolipiwa fedha nyingi dukani. Mtumiaji anapofungua gemu, chipu kubwa huamshwa. Anapolifunga, hulala tena. Mpangilio huo wa kupokezana huitwa mfumo mseto. Nvidia iliutangaza wa kwake mwaka 2010 kwa jina la Optimus, na shabaha yake ilikuwa kuokoa betri.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba, katika mfumo huo, skrini ya laptopu imeunganishwa na chipu ndogo peke yake. Chipu kubwa haina waya wa kuifikia. Inapomaliza kuchora fremu moja ya gemu, yaani picha moja kamili kati ya zile zinazofuatana hadi kuonekana kama mwendo, hailipeleki zao hilo kwenye skrini moja kwa moja. Fremu hupitishwa kwenye njia ya PCIe, ikaandikwa katika memori kuu ya kompyuta, kisha chipu ndogo ikaisoma kutoka humo na kuionyesha.

Mzigo wa safari hiyo unaweza kupigiwa hesabu. Skrini ya vitone 1920 kwa 1080 ina vitone zaidi kidogo ya milioni 2, na kila kitone kwa kawaida huchukua baiti 4. Fremu moja basi ni kama megabaiti 8.3. Kwa fremu 60 kila sekunde, kinachonakiliwa ni nusu gigabaiti tu kwa sekunde. Kwa fremu 240, inafika gigabaiti 2, na skrini ya hezi 240 husoma gigabaiti nyingine 2 kutoka memori hiyohiyo ili kuonyesha. Njia ya PCIe ya kizazi cha 4 yenye mikondo 8 hubeba takribani gigabaiti 16 kwa sekunde, kwa hiyo si njia inayojaa. Taabu iko kwenye kusubiri: kila fremu lazima inakiliwe na kupokelewa kabla ya kuonekana, na memori inayotumika ni ileile ambayo prosesa inaihitaji kuendesha gemu. Laptopu yenye kipande kimoja tu cha RAM ya DDR4-3200 ina uwezo wa gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwa matumizi yote. Ikiongezwa kipande cha pili, uwezo huo huwa maradufu. Ndiyo maana laptopu ya kipande kimoja huumia zaidi katika mfumo mseto, na kwa mwenye laptopu ya namna hiyo kuongeza RAM kunafaa kutangulia kabla ya kuhangaikia jambo lingine lolote.

Swichi ya MUX ni chipu ndogo iliyochomelewa kwenye madabodi, kati ya chipu mbili za picha na skrini. Kazi yake ni kuchagua ni ipi kati ya hizo mbili itakayoungana na skrini. Ikielekezwa kwa chipu kubwa, fremu hutoka kwenye memori yake na kwenda kwenye skrini bila kunakiliwa popote. Kwa laptopu nyingi mageuzi hayo huhitaji kuwasha upya mashine. Mwaka 2020 Nvidia ilileta Advanced Optimus, ambayo hubadilisha njia bila kuzima. Wakati wa kubadilisha, skrini huganda au huwa nyeusi kwa muda mfupi.

Je, fremu zinaongezeka kiasi gani? Jibu hutegemea kasi ambayo gemu tayari linakwenda, kwa sababu gharama ya kunakili hulipwa kwa kila fremu. Tuseme gharama hiyo ni nusu milisekunde. Gemu jepesi la mashindano kama Counter-Strike 2, likiwekwa picha za kiwango cha chini, linaweza kuchora fremu moja kwa milisekunde 5, yaani fremu 200 kwa sekunde. Ongeza nusu milisekunde, zinabaki 182. Sasa chukua gemu zito kama Cyberpunk 2077 lenye miale ya mwanga, ambalo fremu moja huchukua milisekunde 20: fremu 50 zinashuka hadi karibu 49. Gharama ni ileile, lakini mchezaji wa kwanza amepoteza fremu 18 na wa pili hakuna atakachokiona. Katika mashine halisi sehemu ya kunakili hufanyika sambamba na uchoraji, hivyo tofauti hubadilika kutoka laptopu hadi laptopu. Mwelekeo wake, hata hivyo, ni huohuo. Na kama skrini ni ya hezi 60 na V-Sync imewashwa, gemu linalofikia fremu 60 bila shida haliongezi hata moja.

Kujua skrini imeungana na chipu ipi si kazi ngumu. Kwa chipu ya Nvidia, andika amri hii kwenye dirisha la amri huku skrini ya laptopu ikitumika peke yake:

```
nvidia-smi
```

Chini ya `Disp.A`, neno `On` huonyesha kwamba chipu kubwa ndiyo inayoendesha skrini. `Off` ni dalili ya mfumo mseto. Kipimo cha manufaa yake kinataka uangalifu zaidi. Laptopu iwe kwenye chaji, hali ya utendaji iwe ileile, V-Sync izimwe, na sehemu ileile ya gemu ipimwe mara tatu kwa kila njia. Kosa la kawaida ni kubadilisha MUX pamoja na hali ya utendaji kwa mpigo mmoja, kisha fremu zilizoletwa na umeme wa ziada zikahesabiwa kuwa kazi ya swichi.

Njia ya moja kwa moja ina gharama yake. Chipu kubwa hailali tena, hata mtu anaposoma barua pepe. Betri ya saa-wati 80 hudumu saa 8 mashine ikila wati 10. Ikila wati 20, hudumu saa 4. Anayetembea na laptopu mchana na kucheza usiku anafaa kuiacha kwenye mfumo mseto, na kubadilisha tu anapokaa mezani penye umeme. Kwenye laptopu za Asus chaguo hilo hupatikana ndani ya Armoury Crate kwa jina `Ultimate`, na kwenye Legion za Lenovo ni kuzima `Hybrid Mode` ndani ya Vantage.

Asiye na swichi hiyo bado ana njia nyingine. Kwenye laptopu nyingi za gemu, tundu la HDMI limeungwa na chipu kubwa, hivyo skrini ya nje iliyochomekwa hapo hupokea fremu bila kupitia chipu ndogo. Si zote zilizo hivyo, na amri ile ile ya juu itathibitisha mara skrini ya nje inapokuwa ndiyo pekee inayotumika. Lakini anayenunua laptopu ili acheze magemu ya mashindano kwenye skrini yake yenyewe aulize kuhusu MUX kabla ya kulipa, kwa kuwa hakuna programu wala draiva inayoweza kuiongeza baadaye.