Vitunguu vya vinega: Hesabu ya vinega, maji na sukari isiyokuangusha, hata chupa iwe saizi gani

Umeosha ile chupa ya jamu iliyoisha, ukakata vitunguu, halafu ukamwaga vinega kwa macho. Kesho yake ni kali hadi meno yanauma, ama imepoa kama maji ya bomba. Shida kawaida ni moja: watu hupima chupa, na kile kinafaa kupimwa ni nafasi inayobaki ndani yake.

Fanya hivi. Kata vitunguu vyembamba, vipange kwa chupa, ushindilie kiasi. Mimina maji safi hadi vifunikwe, kisha uyamwage yote kwa kikombe cha kupimia. Hayo maji ndiyo jibu lako. Nusu yake itakuwa vinega, nusu maji. Kwa kila 250 ml ya mchanganyiko, weka kijiko kikubwa kimoja cha sukari na kijiko cha chai kimoja cha chumvi.

Tuseme chupa yako ni ya 500 ml na maji yametoka 250 ml. Hapo ni vinega 125 ml, maji 125 ml, sukari kijiko kikubwa kimoja, chumvi kijiko cha chai kimoja. Chupa ya lita moja ikitoa 500 ml, zidisha kila kitu mara mbili. Karoti zikipangwa vinginevyo zitakupa namba tofauti, so pima upya kila mara.

Cheki lebo ya vinega: hesabu hii ni ya ile ya 5%. Ukiweka maji nusu, makali yanashuka hadi 2.5%. Ndio maana mchanganyiko ukipungua, usijazie na maji peke yake. Ongeza vinega na maji kwa kipimo sawa. Sukari unaweza kupunguza, kazi yake hapa ni kutuliza ukali tu. Vinega usiguse.

Rada nyingine ni sufuria. Nyingi za kwetu ni za alumini, na vinega huzila na kuacha ladha ya chuma. Chemsha maji, sukari na chumvi pekee, zima moto, acha dakika chache, halafu changanya na vinega ndani ya jagi la glasi. Suuza chupa na maji ya moto kwanza isipasuke, kisha mimina. Baada ya nusu saa vitunguu vyekundu vimegeuka pinki, na smoki pasua yako imepata mwenzake.

Lakini hii si ya kuweka kwa kabati. Inakaa kwa friji, wiki mbili hivi. Ukiona utelezi, ukungu ama povu, tupa. Huna friji kwa keja? Tumia chupa ndogo, umalize siku hiyo hiyo.