Mshale Uonekane, Sauti Itangulie

Masomo mengi ya kompyuta hurekodiwa kwenye laptopu na kutazamwa kwenye simu. Kasoro nyingi huanzia hapo. Skrini ya laptopu ya inchi 15.6 ina upana wa karibu sentimita 34. Video hiyohiyo ikitazamwa kwenye simu iliyoshikwa wima, hubanwa ndani ya sentimita 7 hivi. Herufi yenye kimo cha milimita 3 mbele ya mwalimu humfikia mwanafunzi ikiwa na kimo kinachozidi nusu milimita kidogo tu. Hata akiilaza simu, upana wa picha haufiki nusu ya ile aliyoiona mwalimu.

Kwa hiyo anayerekodi skrini yake ana kazi moja kubwa: kumpunguzia mtazamaji kutafuta. Usafi wa skrini, mshale unaoonekana na sauti isiyoyumba vyote vinatumikia kazi hiyo.

Tuchukue somo dogo. Mwalimu anataka kumwonyesha mweka hazina wa kikoba jinsi ya kujumlisha michango kwenye Excel. Majina ya wanachama 12 yako safu A, michango yao safu B, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 13. Jibu litakaa B14, kwa fomula hii:

```
=SUM(B2:B13)
```

Kabla ya kurekodi chochote, atengeneze orodha ya mfano. Orodha halisi ya kikoba ina majina na fedha za watu, na video ikishasambaa hairudi. Tena aweke tarakimu nyepesi: kila mwanachama shilingi 20,000. Mtazamaji atajua kichwani kuwa jumla ni 240,000, na jibu likitokea ataliamini bila kikokotoo. Mwishoni mwalimu abadilishe mchango mmoja uwe 15,000, na jumla ishuke yenyewe hadi 235,000. Hapo mweka hazina ataona faida ya fomula kuliko kuambiwa.

Sasa skrini. Programu ya OBS Studio, ambayo ni ya bure na hutumiwa na wengi, inaweza kunasa dirisha moja au skrini nzima. Kunasa dirisha moja kunaonekana salama zaidi, ila kuna mtego: menyu zinazoshuka mara nyingi huhesabiwa kuwa madirisha ya pembeni, hivyo huweza kukosekana kwenye video. Mwalimu anasema "chagua hapa" na mtazamaji haoni chochote cha kuchagua. Ndiyo maana wengi hunasa skrini nzima, na ndiyo maana skrini nzima lazima isafishwe.

Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini ya mwanzo, nenda View, kisha ondoa alama kwenye Show desktop icons. Aikoni zote zitafichika na faili zitabaki salama. Washa Do not disturb ili ujumbe wa mtu usichomoze katikati ya somo. Ndani ya Excel, bonyeza Ctrl+F1 kuukunja utepe wa vitufe juu, kisha kuza jedwali hadi asilimia 200. Somo letu linahitaji safu mbili na mistari 14 tu. Kama mstari wa 14 hauonekani, punguza ukuzaji kidogo kuliko kupandisha na kushusha ukurasa huku unazungumza.

Mshale nao hupotea haraka kwenye picha ndogo, hasa mshale mweupe juu ya karatasi nyeupe ya Excel. Ingia Settings, Accessibility, kisha Mouse pointer and touch. Hapo unaweza kuupa rangi na kuukuza kutoka 1 hadi 15. Ukubwa wa 4 au 5 na rangi ya manjano iliyokolea hutosha. Ukizidisha, mshale utafunika kile unachokionyesha. Atakaye na kila mbonyezo uonekane anaweza kuweka PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, na kuwasha kifaa chake kiitwacho Mouse Highlighter. Kila akibonyeza, duara la rangi hutokea palepale.

Lakini rangi haisaidii kama mkono hautulii. Walimu wengi huzungushazungusha mshale wanapofikiri, na jicho la mwanafunzi hulazimika kuufuata kila uendako, kwa kuwa halijui upi ni mwendo wa somo na upi ni wa wasiwasi. Sogeza mshale, usimamishe, kisha utoe mkono kwenye kipanya mpaka hatua inayofuata.

Tunafika kwenye sauti. Konda hutaja kituo kabla gari halijasimama, na msimulizi wa skrini afanye vivyo hivyo: ataje mahali kwanza, kisha kitendo, ndipo abonyeze. "Chini ya mchango wa mwisho, kwenye kisanduku cha B14, bonyeza mara moja." Jicho linakuwa limeshafika B14 pale duara linapotokea. Akibonyeza kwanza na kueleza baadaye, mtazamaji atarudisha video nyuma. Maneno "hapa" na "pale" yasisimame peke yake. Baada ya kila mbonyezo, anyamaze sekunde mbili ili mabadiliko yaonekane.

Anapoandika fomula, aisome kadiri anavyoiandika: sawasawa, SUM, fungua mabano, B2, nukta pacha, B13, funga mabano. Richard Mayer, mtafiti wa elimu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kuwa watu hujifunza vizuri zaidi maelezo na picha vikija kwa wakati mmoja kuliko vikifuatana.

Sauti tulivu hutokana na maandishi yaliyoandaliwa na chumba kisicho na mwangwi. Chumba chenye pazia na godoro hushinda sebule tupu ya vigae. Zima feni. Weka maiki umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi isiipige. Ndani ya OBS, kipimo cha sauti kina kijani, manjano na nyekundu. Mazungumzo ya kawaida yacheze kwenye manjano, na yasiguse nyekundu.

Kwa masomo ya simu, Android 11 na matoleo yaliyofuata yana kirekodi cha ndani. Kabla ya kuanza, chagua maiki na uwashe sehemu ya kuonyesha miguso, ili kidole kiache alama kila kinapogusa. Simu za iPhone zina kirekodi tangu iOS 11, lakini hakionyeshi miguso, kwa hiyo sauti ibebe kazi zaidi, au duara liongezwe wakati wa kuhariri. Programu nyingi za benki huzuia kurekodiwa na video hutoka nyeusi. Ziko zisizozuia, na hapo alama za miguso zinaweza kufichua namba ya siri. Sitisha kurekodi kabla ya kuiandika.

Ukimaliza, sikiliza somo bila kutazama. Ukipotea kuhusu mahali ulipo kwenye jedwali, maelezo yana pengo. Kisha litazame bila sauti, simu ikiwa wima. Ukishindwa kusoma B14, kuza zaidi na urekodi tena. Mwisho mpe mtu asiyejua Excel, ukae kimya, uhesabu mara anazorudisha nyuma na sekunde anakorudi. Rekodi upya sehemu hizo tu.